Ubapa wa Ncha

Nilipopima mfuniko wa kwanza nilitaka kurusha vernia, kile kipimio changu. Mshazari, ule ukingo unaokatwa kwa mteremko kwenye mdomo wa tundu, ulitakiwa uwe na upana wa milimita moja. Nilipata moja nukta tatu, na mchoro unavumilia tofauti ya nukta moja tu. Chuma kizima cha kutupa!

"Kaka, umeingiza kina gani?"

"Sita," akajibu kwa raha zake. Ndiye aliyenifunza kazi hii, na karakana hii ni yetu wawili. "Tundu kumi, mshazari moja kila upande, mdomo unakuwa kumi na mbili. Nusu yake sita. Kikataji ni cha digrii tisini, nusu arobaini na tano, tanjenti moja. Ncha inashuka sita. Nikuimbie tena?"

"Na ubapa wa ncha?"

"Ubapa upi? Hicho kimechongoka kama sindano."

Nilikichomoa kwenye mashine. Mwishoni kilikuwa bapa, na kipenyo cha ubapa ule kilikuwa nukta sita, hata bila lenzi unauona. Ncha bapa huanza kukata ikiwa tayari na upana wake. Kwa hiyo unautoa kwenye mdomo kabla ya kugawa: kumi na mbili toa nukta sita, nusu yake tano nukta saba. Yeye alizidisha nukta tatu, na mshazari ukapanuka vilevile. Hesabu hiyo alinikaririsha yeye mwenyewe, kwa makofi ya kisogoni.

"Acha utani, kaka. Tazama."

Alikishika shina, akakiinua dirishani. "Kikali."

Damu ikanipanda. Nikaokota kikataji kingine kibovu kutoka kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kilichovunjika hadi ncha yake ikawa pana kama punje ya mahindi, nikampa. Nilitaka acheke, yaishe.

Alikitazama huku kageuza uso pembeni, kama anayemtazama mtu mwingine.

"Hiki ndicho kikali zaidi," akasema.

Nikamtazama, na yeye anatazama ukuta karibu na mimi.

"Kaka, mimi niko wapi?"

"Uko hapo. Katikati kuna ukungu, mdogo wangu. Pembeni naona. Nilidhani utapita."

"Na mashine unaendeshaje?"

"Kwa mazoea."

Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya ncha iliyovunjika. Akaupapasa ubapa polepole, mara moja, mara ya pili, kisha akauondoa mkono ghafla.

"Mungu wangu," akasema. "Nimekata mingapi hivi?"

Nyuma yake, kwenye rafu, mifuniko ya wiki nzima ilikuwa imepangwa, yote kazi yake, na mimi sikuwa nimepima hata mmoja kati ya hiyo, kwa sababu aliyekata ni kaka.