Nywele za Asmahani na Bakuli la Matundu

Shangazi yake Nurudini alishaitangazia Kibondo nzima kwamba nywele za Asmahani, mchumba wa Nurudini, ni za dukani. Leo anakuja Kasulu na wanawake wenzake kumtazama bibi harusi mtarajiwa, na Asmahani alijua fika kwamba akivua mtandio tu, mkono wa kwanza kichwani mwake utakuwa wa shangazi huyo. Akizikuta zimetimka, ndoa nzima atataniwa.

Ndiyo maana, baada ya kuoshwa na kupakwa jeli saluni kwa Mama Ildefonsi, aligoma kukaushwa kwa mashine.

"Mara ya mwisho ulinitoa hapa kichwa kama kuku anayeatamia aliyechokozwa. Naacha zikauke na hewa, haizitimui."

"Hewa haina fujo, kweli," alisema Mama Ildefonsi, mtoto mgongoni. "Lakini nywele nzito hivi, na baridi hii ya mvua, ni mpaka jioni. Jioni unayo?"

"Wanakuja alasiri. Nitafika nyumbani Heru Juu zimekauka."

Akakaa barazani, amenuna kidogo. Kidole chake, bila kuombwa, kikaanza kusokota msokoto wa sikioni.

Simu ikalia. Ni Nurudini, anahema. "Wameshapita Makere! Shangazi kawakurupusha mapema."

Asmahani akaruka, akanyakua mtandio.

"Ukizifunika mbichi juu ya bodaboda, umezikanyaga mwenyewe," alisema Mama Ildefonsi. "Kaa. Na tazama kidole chako kilipokuwa."

Asmahani akajitazama kwenye kioo. Kichwa kizima kimetulia, ila ule msokoto wa sikioni umeshafumuka. Aibu ikamshika. Kumbe mara ile kosa lilikuwa la kidole, si la mashine.

Mama Ildefonsi akafungua mbeleko, akampakatisha Asmahani mtoto. "Mshike huyu. Kwa mikono yote miwili."

Akachomeka kwenye mashine bakuli la kutawanya upepo, lenye matundu na vidole, akaweka moto mdogo na upepo wa taratibu. Kwanza akalizungusha kwa mbali, mpaka jeli ikaanza kushika. Kisha akawa anapokea misokoto kwa chini, anaipandisha ndani ya bakuli, anatulia, anahamia upande mwingine. Mtoto alivuta hereni ya Asmahani, akatapika maziwa. Asmahani hakuthubutu kumwachia, na kidole hakikupata nafasi ya kusokota. Zilipokauka kabisa, ngumu kwa jeli, Mama Ildefonsi akajipaka mafuta viganjani na kuziminya mpaka zikalainika.

Nyumbani, Asmahani alivuka mlango pamoja na wageni, akavua mtandio. Shangazi hakungoja hata chai. Akashika msokoto, akauvuta mpaka begani, akauachia. Ukarudi juu wenyewe.

"Ala! Za kwake!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Asmahani alifurahi mpaka machozi yakamlenga, lakini shangazi alikuwa ameshashika msokoto wa pili na anautazama wa tatu.

Asmahani akamnyanyua mtoto wa wifi yake aliyekuwa karibu, akampakatisha shangazi kwa heshima zote.

"Nishikie, shangazi. Kwa mikono yote miwili."