Video za Stamili

Mdogo wangu Stamili alifariki akijifungua. Mtoto naye hakuishi. Tulimzika Mkunya, nyumbani, nyuma ya mikorosho ya baba.

Zilibaki video zake. Shirika letu la afya ya uzazi hapa Masasi lilikuwa limemwomba azungumze na wajawazito kila wiki kwenye ukurasa wetu wa Facebook, maana alikuwa mcheshi na haogopi kamera. Alirekodi nyingi kwa mpigo kwa simu ya ofisi. Simu ilikuwa ikijaa, kwa hiyo tulizipandisha kwenye programu ya kupangia posti, kila moja na tarehe yake, kisha tukazifuta kwenye simu. Hazikuwa na nakala nyingine.

Baada ya msiba mama alisema, "Sauti yake isisikike mpaka arobaini ipite. Baada ya hapo nitasema." Sista Agatha, muuguzi ambaye bila idhini yake posti haitoki, akaziondolea idhini zote. Zikakaa kwenye foleni, zimeandikwa "inasubiri".

Kabla arobaini haijafika, shirika likaamua kuhamia programu nyingine, ya bei nafuu. Akaunti ya zamani ingefungwa mwisho wa mwezi. Kazi alipewa Bernard, fundi wetu wa kompyuta.

"Kaka Bernard, za Stamili ziingize kama rasimu," nilimwambia. "Zisiwe na ratiba kabisa."

"Dada Rahima, wewe ungefaa kusimamia mnada wa korosho. Hakuna gunia lingepita bila kupimwa mara tatu." Akacheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha.

Alisimamisha foleni ya zamani ili posti isitoke mara mbili. Kisha akatoa faili la posti zote, akalipandisha kwenye programu mpya. Ikasoma maneno na tarehe, ikavuta picha na video kupitia viungo, yaani linki, vilivyokuwa ndani ya faili. Zote zikatokea na alama ya kijani.

Sista Agatha akainama kwenye kioo. "Mbona hizi za Stamili zimewekwa tayari kutoka? Mimi nilizizuia."

"Faili halibebi idhini, Sista. Linabeba maneno, tarehe na viungo tu. Hii mpya inaona tarehe ya mbele, inajua ni ya kutoka. Nazirudisha rasimu moja moja, sasa hivi..."

Umeme ukakatika. Intaneti ikafa nayo.

"Tumia simu yako," nilimwambia. "Yangu imeisha chaji."

"Bando limeisha. Tulia, dada yangu. Ya kwanza ni kesho saa nne asubuhi. Saa mbili nitakuwa hapa."

Nilitulia. Hata mimi niliikumbuka ile saa nne, Stamili ndiye aliyeichagua. Alisema saa hizo wanawake wametoka shamba, wamekaa.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi simu yangu ililia. Mama.

"Shikamoo, mama."

 Nyuma yake nilisikia simu ya jirani yetu Fatu, na ndani yake sauti ya mdogo wangu: "Kina mama, mkoba wangu wa kujifungulia uko tayari, ninyi je? Msingoje uchungu uwakute kwenye mikorosho!" Akacheka kile kicheko chake.

"Rahima," mama alisema, "mwenzio anaongea."

Nilimfuata Bernard kwake. Akaifungua programu, tukaona kosa. Faili lilikuwa limeandika muda wa kimataifa, ulio nyuma ya wetu kwa saa tatu, na programu mpya iliusoma kama muda wa hapa. Saa nne ikawa saa moja. Hakulinganisha hata posti moja na foleni ya zamani. Tuliifuta video kwa simu yangu, nyingine zote akazirudisha rasimu. Lakini Mkunya walikuwa wameshaiona. Wanawake walikuwa wameanza kufika tena kwa mama kumpa pole, kama siku ya kwanza.

Kabla akaunti ya zamani haijafungwa nilizishusha video moja baada ya nyingine, nikafungua kila moja kuona kama inacheza, nikaziweka kwenye simu yangu na kwenye flashi. Kisha nikapanda gari la Newala, kwenda Mkunya.

Mama alikuwa amekaa barazani na mihogo ambayo hajaimenya. Nikamwambia ziko zote, hakuna iliyopotea, na hakuna itakayotoka.

"Zifute huko kwenu," alisema. "Za kwako baki nazo."

 Kisha akanyoosha mkono, akaichukua simu yangu.

"Zima sauti," alisema.

Nikaizima, nikaifungua ile ya mkoba. Tukamtazama Stamili akifungua mkoba, akiinua kanga moja moja kuonyesha watu, mdomo ukienda. Mama aliziangalia zile kanga. Ndizo tulizomzikia mtoto.