Rangi ya Mlango

Beseni lilirudi kama lilivyokwenda, limejaa. Matroni wa hospitali alilibeba mwenyewe kuvuka barabara, akalitua juu ya meza ya jikoni, akafunua kitambaa.

"Binti," alisema, "mimi nina wodi nzima ya wazee. Wenye meno wanahesabika. Haya ni mandazi au matofali?"

Binti aliyekuwa akiulizwa aliangalia chini. Tangu utotoni walimwita Polepole, kwa sababu hata kamba ya kiatu alikuwa anaifunga kama mtu anayeandika barua. Mama yake alipofariki, kila aliyekuja kuhani alijikuta akisema, "Pole, Polepole," na shangazi yake, ambaye hakujua kuzuia kicheko hata msibani, alilazimika kutoka nje mara mbili.

"Juzi yalikuwa meusi mpaka katikati," Matroni aliendelea. "Jana meusi nje, ndani unga mbichi. Leo tena. Marehemu mama yako nilikula mkononi mwake miaka, na sikuwahi kurudisha hata kipande. Nakuonea huruma, lakini huruma hailishi mgonjwa. Kesho asubuhi nitakuja mwenyewe. Yakiwa hivi, nitachukua kwa wale wa stendi."

Akaenda zake. Polepole akabaki na beseni.

Hospitali ndiyo iliyokuwa ikilisimamisha jiko lile. Majirani walinunua chapati mbili tatu na mkate wa jioni, lakini bila mandazi ya hospitali hapakuwa na sababu ya kuwasha moto. Na mjomba wake, mwenye nyumba, alishapita na futi yake akipima chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Alitaka kuweka mifuko ya saruji. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mpwa wangu, ukishindwa usione aibu, niambie tu."

Jambo lililomtesa ni kwamba alikuwa anafuata alivyoambiwa. Mama yake, siku zile ambazo hakuweza tena kusimama, alikuwa akimfundisha akiwa kitandani. Vipimo vya unga, sukari, hamira na maziwa Polepole alivijua tangu zamani. Yeye ndiye aliyekuwa akikanda mezani, ameupa mlango mgongo. Lakini karai lilikuwa la mama. Hakumwachia mtu.

"Nitajuaje yameiva?" alimuuliza.

"Tazama mlango," mama alijibu, sauti imekuwa nyembamba kama uzi. "Yakifanana na mlango, toa. Usingoje. Na mkate vilevile."

Mlango wa jikoni ulikuwa wa mbao, umepakwa vanishi. Mchana mama alikuwa akiufungua wote, ukageukia nje na kuegemea ukuta, hewa ipite. Asubuhi wakati wa kukaanga ulikuwa unafungwa kwa sababu upepo ulipeperusha moto wa gesi, kwa hiyo ukisimama kwenye karai unautazama uso kwa uso. Katikati yake palikuwa na msumari, na kwenye msumari aproni ya mama, pana, ya kitambaa kizito, inayofunika kuanzia kifuani hadi chini ya magoti. Ilikuwa bado inaning'inia pale alipoiacha siku ya mwisho aliyofanya kazi. Polepole hakuigusa. Alifungua mlango na kuufunga kwa kushika ukingo, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Basi alitazama mlango. Mlango ulikuwa wa kahawia iliyoiva sana, rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Aliyangoja mandazi yafike hapo. Yalipofika yalikuwa yamekauka na yana uchungu. Akafikiri tatizo ni kuchelewa, kwamba yanakaa mno kwenye mafuta. Akapandisha moto ili rangi ije haraka. Rangi ilikuja haraka kweli, lakini ilikuja peke yake. Ngozi ya mlango, tumbo la uji. Mkate nao ulishika rangi ile juu, na alipoukata ganda lilipasuka kama kigae. Chapati hazikuweza hata kukunjwa.

"Labda mama yako alikuwa na mkono tu," shangazi alisema jioni ile, akimenya vitunguu vya mboga. "Kuna watu wana mkono. Mimi nikipika maji yanaungua."

"Alisema mlango, shangazi."

"Na kama ni homa ndiyo iliyosema? Kaka yangu, baba yako, alipougua aliniita Asha wiki nzima, na sisi hatuna Asha."

Polepole hakucheka. Hicho ndicho alichokiogopa zaidi, kuliko Matroni na saruji: kwamba mama hakuwa anamfundisha kitu, kwamba yale yalikuwa maneno ya ugonjwa tu, na yeye aliyashika kwa mikono miwili kama urithi.

Alfajiri alikuwa ameshakanda. Unga uliumuka vizuri, akausukuma, akakata pembetatu, akazipanga kwenye trei mbili na kuzifunika. Unga wa trei mbili ndio uliokuwa umebaki kwenye pipa. Shangazi alikuja mapema kumsaidia, amevaa gauni lake la kwenda mjini.

Trei ya kwanza aliitia kwa moto wa wastani. Mandazi yalizama, yakapanda juu, yakavimba. Aliyageuza. Yalikuwa ya manjano, kisha yakaanza kuchangamka, harufu ya maziwa na sukari ikajaa chumba. Mkono ukamwambia toa. Akautazama mlango. Bado, mlango ulisema. Mkono ukangoja na kijiko cha matundu. Alipoyatoa yalikuwa yamefanana na mlango, na yalipokaa kwenye trei yakazidi kukolea, kwa sababu andazi likitoka kwenye mafuta linatoka na moto wake ndani.

Shangazi alichukua moja, akalipasua, akalitafuna kwa upande mmoja wa mdomo.

"Niambie," Polepole alisema.

"Chai ikiwepo nyingi..."

"Shangazi."

"Ni yale yale, mwanangu."

Nje milango ya maduka ilikuwa inafunguliwa. Matroni alikuwa akimaliza kukabidhiana zamu, na baada ya hapo hana safari nyingine ila hii.

"Lete hiyo trei nyingine, nijaribu mimi," shangazi alisema. "Nipe kwanza aproni nisichafue gauni." Akanyoosha mkono kuelekea msumarini.

"Usiiguse!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Shangazi aliurudisha mkono kifuani kama aliyeungua.

"Nisamehe," Polepole alisema.

"Hujanikosea. Lakini, mwanangu, ile ni nguo ya kazi. Yeye hakuitundika ili itazamwe."

Karai lilikuwa linanguruma taratibu. Polepole alipunguza moto. Alitazama trei iliyobaki, pembetatu zake nyeupe zimelala kimya chini ya kitambaa, na wazo likamjia bila kubisha hodi: hii ndiyo ya mwisho. Matroni atakuja, atapasua moja, ataondoka. Kesho kutwa saruji. Basi kama ni ya mwisho, angalau mtu aikaange akiwa amevaa vizuri.

Akaenda mlangoni. Aproni ilikuwa imekakamaa kidogo, na bado ilikuwa na harufu ya iliki. Aliitoa msumarini kwa mikono yote miwili, akaipitisha kichwani, akafunga kamba nyuma, polepole, kama alivyofunga kila kamba maishani mwake. Alipoinua macho alikuwa akitazama mlango.

Pale aproni ilipokuwa inaning'inia palikuwa na aproni nyingine. Umbo lake lile lile, mabega na pindo, lakini la mbao: rangi ya asali changa, inayong'aa, safi kama siku fundi alipoipaka vanishi. Pembeni yake mlango wote ulikuwa umekolea kuelekea weusi. Jua la alasiri, miaka yote ile, lilikuwa limeuchoma mlango uliofunguliwa nje, likaacha tu pale lilipozuiwa na nguo.

"Shangazi," alisema. "Njoo uone."

Shangazi alikuja, akaona, akafunika mdomo.

Asubuhi, wakati wa kukaanga, aproni ilikuwa mwilini mwa mama. Msumari ulikuwa mtupu. Kila siku aliyosimama kwenye karai, mlango aliouona ni huu. Ni Polepole tu, aliyeogopa kuigusa, aliyekuwa akiangalia mlango mwingine.

"Na mimi nikasema ni homa," shangazi alinong'ona.

"Trei, shangazi. Trei!"

Alichovya kipande kidogo cha unga kwenye mafuta; kikazama, kikapanda bila haraka, mapovu yakikizunguka. Moto ulikuwa sawa. Akatia. Hofu haikumwacha, ilibadilika tu, sasa akiogopa kutoa mapema na kukuta uji. Mandazi yalivimba, akayageuza, akayageuza tena. Macho yake yalikwenda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi. Yalipokaribia, kabla hayajafika kabisa, alikumbuka yanavyozidi kukolea yakiwa nje. Usingoje, mama alisema. Akatoa. Alipoyatua kwenye trei yalimaliza yenyewe hatua iliyobaki, na ungeweza kuweka andazi moja juu ya umbo lile mlangoni usilione.

Hakuthubutu kupasua.

Mlango ulifunguliwa. Matroni aliingia na baridi ya nje, akaitazama aproni kwanza, akasita kidogo kana kwamba amemwona mtu. Kisha akaitazama trei ya kwanza, akakunja uso. Kisha ya pili. Alichagua moja, akalishika kwa ncha za vidole maana lilikuwa la moto, akalipasua.

Mvuke ulitoka. Ndani palikuwa peupe na pakavu, na vijitundu vidogo vidogo kama sifongo. Matroni alibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea, likarudi. Akala nusu. Akala na nusu ya pili, huku shangazi akimsimamia karibu kama mtu anayengoja majibu ya damu.

"Haya yanatosha upande wa wanawake tu," Matroni alisema hatimaye.

"Unga umeisha," Polepole alijibu.

"Basi wanaume watakula ugali wa jana, wataniandama mimi. Kesho lete ya wote. Na mkate, kama utakuwa wa rangi hii." Alijipangusa mafuta mdomoni. "Mama yako alikuwa ananificha nini, siri yake?"

"Hakuficha, Matroni. Aliniambia. Mimi ndiye niliyeiziba."

Matroni hakuelewa, na hakuwa na nafasi ya kueleweshwa. Alimimina trei ya pili kwenye beseni, akaondoka nalo.

Mjomba alipopita mchana na futi yake mfukoni, shangazi alimpa andazi la trei ya pili alilokuwa ameliweka kando, kabla hajafungua mdomo, akaelewa, akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Alasiri jiko lilipooza, Polepole alisugua karai, akafuta meza, akafungua mlango wote ukaegemea ukuta wa nje. Jua lilikuwa limeshaanza kuupanda kutoka chini. Akaivua aproni. Ilikuwa na doa jipya la mafuta kifuani, lake yeye. Alisimama nayo kidogo, ameikumbatia, akalia bila sauti, kilio ambacho hakukipata siku ya mazishi kwa sababu watu walikuwa wengi.

Kisha akaitundika msumarini haraka, yeye aliyeitwa Polepole, kabla jua halijafika, akainyoosha mabega na pindo mpaka ikafunika pale pote.