Gauni Limeuzwa

Barua ya kodi ya mauzo ilinikuta Ukunda nikipiga picha magauni, mwezi wa Disemba. Ati nijisajili, biashara yangu ya mtandaoni imepita milioni kwa mwaka! Nikaipeleka barua ofisini kwao: nani kawaambia?

"Wewe mwenyewe, Milcah," akasema Bi Kahaso, ofisa wa ushuru, akinionyesha ukurasa wangu kwenye simu yake. Kila gauni nimeliandika LIMEUZWA.

Uongo mtupu! Huandika hivyo ili wateja watamani. Nikamwonyesha taarifa ya M-Pesa: tangu Januari, mauzo yamebakiza elfu tano kufika milioni. Kisha nikamwaga mezani gunia la magauni yaleyale.

Ofisi nzima ikayakimbilia.

"Hili jekundu uliniambia limeuzwa!" akafoka Bi Kahaso, akalilipia papo hapo.

Gunia lilipokwisha, akanirudishia barua.

"Sasa jisajili."