Ekari Mbili, Moja, Ishirini

Katika ofisi yetu ya tafsiri mimi ndiye niliyejulikana kwa ukali wa vipimo. Mtu akinionyesha hati ya zamani yenye galoni, namuuliza kwanza: galoni ya nani? Ya Waingereza ni lita nne na nusu na kidogo, ya Wamarekani haifiki hata lita nne. Asiponijibu, namrudishia karatasi yake mezani. Wenzangu walinibatiza jina la Bi Galoni, nami nililivaa kama nishani.

Asubuhi hiyo Mwalimu, mzee mstaafu anayeketi meza ya pili, alikuwa anatafsiri cheti cha askari wa zamani ambaye familia yake inafuatilia kiinua mgongo. Akanisogezea rasimu nimkagulie. Kwenye uzito alikuwa ameandika kilo sitini na saba nukta tisa.

"Hii umeitoa wapi, Mwalimu?"

"Hapo. Stoni kumi nukta saba. Nimezidisha mwenyewe kwa kikokotoo."

Nilichukua cheti. Kiliandikwa kumi, kisha kifupisho cha stoni, kisha saba. Nikacheka, na nakiri kwamba nilicheka kwa dharau.

"Mwalimu wangu, umefundisha hesabu miaka thelathini, leo unanitia aibu. Stoni moja ina ratili kumi na nne. Kumi, kisha saba, hapa ni stoni kumi na ratili saba, yaani stoni kumi na nusu. Ratili mia na arobaini na saba. Kilo sitini na sita nukta saba. Wazee hawa hawakuhesabu kwa kumikumi. Ukiona tarakimu zimefuatana, kila moja ina kipimo chake!"

Niliyasema hayo kwa sauti ya kusikika mpaka kwa karani wa mbele. Halafu nikakumbuka tarakimu nyingine tatu zilizofuatana, nilizozitafsiri mimi.

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimetafsiri ukurasa wa kwanza wa hati ya mgawanyo wa shamba. Kesi ya kiwanja. Mwenye godauni alimshtaki jirani yake, mjane anayeshona nguo, kwamba uzio wake umeingia kwenye ardhi isiyo yake. Ukurasa ule ulitaja tangi la maji la galoni mia sita, na nilikesha, si kwa usiku bali kwa umakini, juu ya hilo tangi: lita elfu mbili mia saba ishirini na nane, galoni ya Kiingereza, nikaweka na tanbihi. Nilijipongeza. Ukubwa wa kiwanja ulikuwa umeandikwa 2. 1. 20, nami nikasema moyoni mashine za kuchapa za zamani zilikuwa zinatupa nukta ovyo. Nikaandika ekari mbili nukta moja mbili sifuri. Mita za mraba elfu nane mia tano sabini na tisa. Nikapiga muhuri.

Mpima ardhi aliyetumwa na mahakama alikuta uzio wa mjane, unaofika mpaka mferejini, umezunguka mita za mraba elfu tisa mia sita na kumi na moja. Zimezidi elfu moja na thelathini na mbili, na juu ya hizo zilizozidi ndipo ilipo nyumba yake na kibanda chake cha cherehani.

"Mwalimu, hukumu ya yule mama inasomwa lini?"

"Si leo? Saa nne." Akatazama ukuta. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Nilifungua droo kwa nguvu mpaka ikatoka yote. Nakala ya hati ilikuwa chini kabisa, na ukurasa wa pili umebanwa nyuma yake, ambao sikuwahi kuusoma kwa sababu hakuna aliyeniomba niutafsiri. Jedwali. Juu ya safu tatu kulikuwa na herufi tatu: A, R, P. A ni ekari. R ni ile waliyoiita roodi, robo ya ekari. P ni pechi, arobaini ndani ya kila roodi. Ekari mbili, roodi moja, pechi ishirini. Mbili, na robo, na nusu ya robo. Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama: mita elfu tisa mia sita na kumi na moja.

Ndiyo ile ile ya mpima ardhi. Yule mama hakuingia ardhi ya mtu hata kwa unyayo. Nyumba yake ilikuwa inakwenda kubomolewa kwa muhuri wangu.

"Nisindikize na kikokotoo chako," nilimwambia Mwalimu, kisha nikaona goti lake bovu. "Hapana, baki. Nipe tu."

"Mwanangu, ukisema mwenyewe watakunyang'anya muhuri."

"Najua."

"Ungeandika barua ya masahihisho, ukapeleka kesho..."

"Kesho atakuwa na nyumba?"

Alinipa kikokotoo, na akanipa na kalamu yake, sijui kwa nini.

Mahakama iko mitaa miwili kutoka kwetu. Nilikimbia na viatu vya ofisini, watu wakanipisha wakidhani nakimbiza mwizi. Karani wa mahakama alikuwa mlangoni na daftari lake.

"Kaka, nahitaji kumwona hakimu kabla hajaingia. Kuna kosa kwenye tafsiri."

"Ameshaingia, dada. Na hukumu imeshaandikwa."

"Haijasomwa."

"Inasomwa sasa. Kama una barua, iache masijala."

Nilimpita. Siku nyingine ningeomba radhi, siku hiyo nilimpita tu.

Ndani hakimu alikuwa keshafika katikati. Mwenye godauni ameketi mbele na wakili wake, mguu juu ya mguu. Mjane alikuwa upande wa pili peke yake, na mfuko wa nailoni mapajani. Hakulia. Alikuwa anatazama sakafu kama mtu anayehesabu vigae.

"...na kwa kuwa hati, kama ilivyotafsiriwa na mtaalamu aliyeapishwa, inataja ekari mbili nukta moja mbili..."

"Mheshimiwa!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Askari akaja. Hakimu akainua macho.

"Nani huyo?"

"Mtaalamu aliyeapishwa, Mheshimiwa. Ni mimi. Nimekosea."

Wakili alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, hii ni ajabu. Mfasiri anabadili maneno dakika ya mwisho! Kwa ushawishi wa nani? Tafsiri ina kiapo. Yeye mwenyewe ameweka muhuri!"

Kuitwa mjinga ningekubali, maana nilikuwa mjinga. Kuitwa mla rushwa, mbele ya yule mama, kulinikera mpaka woga ukaniisha.

"Siombi uniamini mimi," nilimwambia hakimu. "Naomba uiamini hati yenyewe. Ukurasa wa pili, Mheshimiwa. Uko kwenye jalada lako, kwa Kiingereza. Una hesabu ya kujumlisha."

Hakimu alikuwa mtu mzito, mwenye kuchukia kupotezewa muda, na niliona kidole chake kinagonga meza. Kisha akafungua jalada, akalipekua, akaupata.

"Dakika mbili," alisema. "Zikiisha, unakwenda mahabusu kwa kuvuruga mahakama."

"Baba mmoja aliwagawia wanawe wawili shamba. Kiwanja cha kwanza ni hiki cha mama: mbili, moja, ishirini. Cha pili, ambacho sasa ni cha mdai: moja, tatu, thelathini. Chini kuna jumla. Naomba Mheshimiwa ujumlishe kwa jinsi nilivyotafsiri mimi, kwa desimali."

Alichukua kalamu. Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza kalamu ya mtu mmoja.

"Mbili nukta moja mbili, na moja nukta tatu tatu... tatu nukta nne tano."

"Na hati inasema jumla ni ngapi?"

Akakunja uso. "Nne. Moja. Kumi."

"Haikubali. Sasa jumlisha kwa kipimo cha zamani. Pechi ishirini na thelathini ni hamsini. Arobaini zinafanya roodi moja, zinabaki kumi. Roodi moja na tatu, na ile iliyopanda, ni tano. Nne zinafanya ekari, inabaki moja. Ekari mbili na moja na iliyopanda, nne. Nne, moja, kumi."

Hakimu alirudia hesabu. Akairudia tena, polepole, midomo ikicheza. Wakili akaegemea mbele.

"Mheshimiwa, huu ni ujanja wa tarakimu tu..."

"Wakili," nilimkatiza, na najua haikuwa haki yangu, "ukishikilia desimali, kiwanja cha mteja wako ni mita elfu tano mia tatu na themanini na mbili. Mpima aende akapime na godauni lake. Kwa kipimo sahihi anastahili elfu saba mia nane na arobaini na moja. Mnachagua ipi?"

Mwenye godauni alishusha mguu. Akamvuta wakili wake kwa shati, wakanong'ona, na wakili akakaa.

Hakimu aliweka kalamu chini. Alisema hukumu haitasomwa, mpima ardhi aitwe Jumatatu athibitishe vipimo, na hadi hapo mtu yeyote asiguse nyumba ya mdaiwa. Kisha akanigeukia. "Na wewe utauacha muhuri wako kwa karani kabla hujatoka, mpaka bodi yako iamue."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Niliutoa mkobani. Miaka kumi na sita nimeubeba. Karani yule niliyempita mlangoni aliupokea kwa mikono miwili, akaandika kwenye daftari lake, wala hakunisimanga.

Mjane alinikuta kwenye ngazi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, mazuri kabisa, yote yakanipotea.

"Dada," alisema, "kwa hiyo kiwanja ni chetu mpaka mferejini?"

"Mpaka mferejini, mama. Ni kosa langu. Nisamehe."

Alifungua mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na picha ya mwanamume kwenye fremu iliyopasuka kioo.

"Marehemu alikuwa akisema hivyo hivyo. Mpaka mferejini, baba yake alimwonyesha. Karatasi yako ilipokuja na muhuri, nikasema karatasi haisemi uongo. Jumamosi nimeezua mabati ya kibandani mwenyewe. Na hii nimeishusha ukutani, nikaitupa kwenye mfuko huu. Wiki mbili, dada, namwita mume wangu mwizi, mbele ya watoto wake."

Nililia pale ngazini, mimi Bi Galoni, watu wakipita.

Aliniacha nilie, halafu akanigusa mkono. "Niandikie. Kwa Kiswahili, kwa mita. Nikawasomee watoto."

"Sina muhuri, mama. Haitakuwa na nguvu yoyote."

"Muhuri nimeshauona kazi yake. Wewe andika."

Nilitoa kalamu ya Mwalimu, nikaweka karatasi juu ya ukuta wa ngazi, nikaandika: mita za mraba elfu tisa mia sita na kumi na moja, mpaka mferejini, kama alivyosema baba yenu. Akaisoma mara mbili. Kisha akaniomba niongeze jina la mumewe, nami nikamwuliza linaandikwaje, herufi kwa herufi.