Alichosema Marehemu

Karakana ya Kinoo ilishikana na nyumba yake. Dirisha la jikoni lilitazama benchi la kazi, hivyo mkewe, Mama Pacha, alipika huku akijua nani anapiga randa na nani anapiga soga. Mara nyingi aliyepiga soga alikuwa mumewe. Jina la Kinoo, yaani jiwe la kunolea, alipewa kwa ajili ya ulimi. Mwalimu mkuu mmoja alipolalamikia bei ya kiti, Kinoo alimjibu kuwa cha bei anayoitaka kipo, ila atakikalia kwa zamu na mchwa. Mwalimu alicheka mpaka akalipa.

Aliyepiga randa alikuwa Mzito, rafiki yake tangu utotoni. Huyo alikuwa mtu wa "ndiyo" na "bado kidogo". Mmoja alisema, mwingine alifanya, na karakana ikaenda.

Sasa Kinoo alikuwa kaburini na Mzito mahabusu, na Mama Pacha alikuwa ameketi mbele ya wakili wa serikali, mwanamama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Pembeni yake alikaa kaka wa marehemu, ambaye hakualikwa.

"Shemeji yangu ataeleza kila kitu," kaka mtu alisema. "Yule alitoka nje, akafuata nyundo, akarudi kummaliza ndugu yangu. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alimwona akitoka na akirudi."

"Fundi cherehani ataeleza alichokiona yeye," wakili alisema. "Nakuomba utupishe kidogo, baba."

Kaka mtu alitoka kwa shingo upande. Wakili akavaa miwani.

"Mama, polisi uliwaambia ulisikia kishindo, ukaingia, ukamkuta mumeo chini na mshtakiwa amempakata kichwa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Kabla ya kishindo?"

Mama Pacha alitazama mikono yake. "Hawakuniuliza."

Wakili hakumsukuma. Mama Pacha akauliza, "Hivi kuna tofauti gani? Mtu si ameshakufa?"

"Kwa maiti, hakuna. Kwa sheria ipo, na ni kubwa." Wakili aliegemea kiti. "Mtu akiua akiwa amedhamiria kuua, au kumjeruhi mwenzake vibaya, hiyo ni kuua kwa kukusudia. Mimi ndiye natakiwa kuithibitisha dhamira hiyo. Lakini ikionekana marehemu alimtendea jambo au alimtukana kiasi ambacho mtu wa kawaida angeshindwa kujizuia, naye akapiga palepale damu ikiwa bado inachemka, kosa linashuka. Linakuwa kuua bila kukusudia, hata kama kwa dakika ile alitaka kweli kuua. Haachiwi, anafungwa. Ila haitwi muuaji wa kukusudia, wala hahukumiwi kama yeye."

"Na akitoka nje, akarudi?"

"Hapo ndipo lilipo shina la kesi yangu. Aliyepata nafasi ya kupoa, kisha akarudi kupiga, hawezi kusema alipandwa na hasira za ghafla. Hicho ni kisasi." Alivua miwani. "Sikuambii useme nini. Nakuambia ukweli wako unakwenda kuangukia wapi."

Mama Pacha aliondoka. Njiani kaka wa marehemu alimkumbusha kwamba watoto ni wa ukoo, kwamba mazishi yaligharamiwa na ukoo, na kwamba ukoo mzima ungekuwepo mahakamani.

Mzito mwenyewe hakusaidia. Siku ya kwanza, aliposomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli, alijibu, "Nimemuua. Alikuwa rafiki yangu." Jaji akaagiza iandikwe kuwa amekana, kwa sababu kukiri kifo si kukiri dhamira. Wakili wake wa utetezi, binti mwembamba aliyepewa kesi na mahakama, alimfuata gerezani mara kadhaa akimwomba aeleze kilichotangulia. Kila mara alipata jibu moja: "Andika tu nilimpiga."

Fundi cherehani alitoa ushahidi asubuhi. Alimwona Mzito akitoka karakanani, akaketi juu ya mbao za nje kichwa kikiwa mikononi, kisha akainuka na kurudi ndani. Muda si mrefu akasikia kelele. Hapana, mikononi hakuona kitu, lakini alikuwa mbali. Kwenye mabenchi ya nyuma kaka wa marehemu alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndipo akaitwa Mama Pacha. Alikula kiapo kwa sauti ndogo, jaji akamwomba aipandishe.

Alimjibu wakili wa serikali kama alivyowajibu polisi: kishindo, mumewe chini, damu sikioni. Mzito alikuwa amempakata na kupiga kelele aitwe mtu mwenye gari. Hakukimbia. Polisi walipofika walimkuta hapohapo.

Kisha binti wa utetezi alisimama. "Mama, kabla ya kishindo ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Dirisha la jikoni linatazama wapi?"

Mama Pacha aliinua macho. Kwenye benchi la pili aliona ndugu wa mumewe wamejipanga. Upande wa pili, peke yake, alikaa mke wa Mzito. Kizimbani Mzito alikuwa amemkazia macho na kutikisa kichwa polepole, kama mtu anayemsihi.

"Linatazama karakana," alisema. "Niliona. Na nilisikia."

"Eleza mahakama."

"Mzito alikuwa na binti. Hakuweza kutembea tangu azaliwe. Baba yake alimtengenezea kiti cha magurudumu palepale karakanani, na kila mtoto alivyokua, alikipanua. Alikuwa akija naye, anamkalisha pembeni, mtoto anacheza na maranda. Mume wangu alimwita Bosi. Alikuwa akimpenda, hilo nalo liandikwe." Alimgeukia karani kidogo. "Mtoto akashikwa na kifua, akafariki. Mzito akawa msibani. Kiti kilibaki kwetu. Kukawa na oda ya stuli na mbao nzuri zilikuwa zimepungua. Mume wangu akakibomoa."

Mke wa Mzito aliinamisha uso.

"Nilimwona akikibomoa. Nikamwambia, angalau magurudumu mbakizie. Akasema mbao ni mbao. Sikuendelea. Na mimi nilidhani ni mbao."

"Siku ya tukio?"

"Mzito alirudi kazini. Akauliza kiti kiko wapi. Mume wangu akamwonyesha stuli. Mzito hakusema kitu, akatoka, akakaa nje. Nilijua ametoka ili asigombane. Baadaye akarudi kuchukua mkoba wake wa vifaa. Nilimsikia akisema, 'Naenda nyumbani.' Alikuwa anaondoka. Mkoba ulikuwa tayari begani."

"Mkononi alikuwa na nini aliporudi?"

"Hakuwa na kitu."

"Kisha?"

Karani alimletea maji, lakini hakuyanywa.

"Mume wangu hakuweza kuacha neno la mwisho limpite. Mkono mmoja wa kile kiti ulikuwa umebaki sakafuni. Akaurusha miguuni mwa Mzito, akasema, 'Chukua, kawashie moto. Yule mtoto amekupumzisha, na wewe tupumzishe.' Akacheka. Nyundo ilikuwa juu ya benchi. Mzito akaichukua, akampiga. Mara moja. Kisha akaiangusha, akamwita kwa jina lake la utotoni."

Kaka wa marehemu alisimama, askari akamwashiria aketi.

Wakili wa serikali aliinuka kumhoji tena. "Mama, maneno haya hayamo kwenye maelezo yako polisi. Kwa nini?"

"Hawakuniuliza, nami sikutaka kuyasema. Ni baba wa watoto wangu. Nilitaka azikwe na vichekesho vyake vizuri."

"Unamwonea huruma mshtakiwa?"

"Amenifanya mjane," Mama Pacha alisema. "Simwonei huruma. Nasema nilichosikia."

Wakili akaketi.

Mzito alipopewa nafasi ya kujitetea alichagua kunyamaza, kama sheria inavyomruhusu. Wakili wake alimwinamia na kumnong'oneza kwa muda mrefu. Waliokuwa karibu walimsikia akijibu, "Mwanangu hakufa ili mimi nipunguziwe miaka."

Jaji alisoma hukumu wiki kadhaa baadaye, polepole, kama anayesoma barua ya msiba. Hakukuwa na ubishi kwamba mshtakiwa ndiye aliyeua. Kama ushahidi ungeishia pale alipotoka na kurudi, mahakama ingesema alipata muda wa kupoa. Lakini alirudi mikono mitupu, kuchukua mkoba aondoke. Alichofanyiwa hapo kilikuwa uchokozi mpya juu ya ule wa kwanza, na pigo lilifuata papo hapo, moja, kwa kifaa kilichokuwa karibu. Baba wa kawaida aliyetoka kumzika mwanawe angeweza kupoteza udhibiti wa nafsi yake. Mshtakiwa hakusema hivyo mwenyewe, lakini mahakama haiwezi kuupa kisogo utetezi ulio ndani ya ushahidi eti kwa kuwa mwenyewe ameukataa. Upande wa mashtaka haukuweza kuuondoa.

"Sisemi kwamba marehemu alistahili kufa," jaji alisema. "Hakuna neno linalostahili kifo. Nasema tu kwamba kosa hili si lile uliloshtakiwa nalo."

Hakuwa na hatia ya kuua kwa kukusudia. Alikuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Akafungwa miaka tisa, na muda aliokaa mahabusu ukahesabiwa humo.

Watu wa ukoo walitoka wakimpita Mama Pacha bila kumtazama, isipokuwa kaka wa marehemu aliyesimama mbele yake. "Umemuua mara ya pili," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma zaidi.

Askari walikuwa wakimpitisha Mzito ukumbini. Alipomfikia Mama Pacha akasita, nao wakamsubiri.

"Ungenyamaza tu, Mama Pacha."

"Najua."

"Sasa kila mtu atamkumbuka kwa lile neno. Na alisema mengine mazuri maisha yake yote. Hata Bosi alikuwa akimchekesha mpaka anakohoa." Macho yalimjaa machozi. "Alitaka tu kunitania. Hakujua kunyamaza, basi."

"Nawe ungeondoka tu," Mama Pacha alisema. "Mkoba ulikuwa begani."

"Ndiyo," Mzito alisema. Wakamchukua.

Mke wa Mzito alikuwa amesubiri kando. Wanawake wawili walitazamana. Kabla ya yote haya walikuwa wakiazimana chumvi na kuleleana watoto. Mama Pacha alidhani atashukuriwa au atalaumiwa, na hakujua lipi lingekuwa rahisi kulibeba.

"Watoto hawajambo?" mke wa Mzito aliuliza.

"Hawajambo. Wamekua."

"Wasalimie."

Akajitanda khanga vizuri, akateremka ngazi.

Jioni ile mapacha walimkuta mlangoni. Shuleni walikuwa wameshaambiwa. Mmoja aliuliza, "Mama, ni kweli ulisema baba alikuwa mbaya?"

"Nilisema alichosema siku moja."

"Kwa hiyo Mjomba Mzito alikuwa na haki?"

"Hapana. Hakuwa na haki."

Walisubiri aendelee. Aliwatazama, mmoja na mdomo wa baba yake, akaona kwamba jaji alihitaji kurasa nyingi kulieleza jambo hili na bado hazikutosha. Akawaambia wanawe mikono na wasogee jikoni, akaingia ndani kuwasha jiko.