Ndugu ya Ile

Darasani walimwita Kasuku, maana orodha nzima ya dawa aliimeza kwa alfabeti, kurasa sita, bila kukosea hata moja. Mama yake alilipenda sana jina hilo.

Leo mwalimu wa famakolojia aliichana orodha hiyo mbele yao. "Kukariri basi! Ulizeni dawa inafanya nini mwilini." Akachora kisanduku ubaoni. "Dawa hizi za presha zote huzuia kimeng'enya kimoja. Mishipa hulegea, presha hushuka. Lakini kimeng'enya hicho hicho huvunja kemikali inayoleta uvimbe. Ukikizuia, kemikali hurundikana. Mgonjwa akivimba midomo kwa dawa moja ya humu, asipewe nyingine yoyote ya humu."

Ndani akaandika: enalapril, lisinopril.

Kalamu ya Kasuku ikasimama. Enalapril ilimvimbisha mama midomo mwaka jana, akaachishwa. Miezi mitatu iliyopita, zahanati nyingine ikampa lisinopril. Mama, ambaye shule aliiona kwa mbali tu, akaigeuzageuza pakiti.

"Msomi wangu, hii si ndugu ya ile?"

"Aa, mama! Ile iko ukurasa wa pili, hii wa nne. Meza tu."

Koo likavimba, likaziba. Hospitali hawakuiwahi.

"Kasuku," mwalimu akaita, "ukiletewa dawa ngeni, utauliza nini kwanza?"

Akainuka. "Hii si ndugu ya ile?"

"Hilo ndilo swali!" Mwalimu akapiga makofi. "Nani kakufundisha?"